Somo: Kuandika barua ya kuomba Python kwenye kompyuta za maabara ya chuo

Ukiandika "tunaomba mtuwekee Python", fundi ataiweka kweli, kisha wanafunzi wataingia kwa akaunti zao na hawataiona. Kisakinishi cha Python kwenye Windows, ukikifuata bila kubadili kitu, huiweka ndani ya folda ya mtumiaji mmoja tu, yaani yule fundi. Barua nzuri inataja toleo, inataja kwamba ni kwa watumiaji wote, na inaeleza kazi itapimwaje.

1. Kagua kwanza

Kaa kwenye kompyuta moja ya maabara. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `winver`, usome toleo la Windows. Kisha fungua Settings, System, About, uone kama ni 64-bit. Angalia pia nafasi iliyobaki kwenye diski C. Kwa ombi hili GB 2 zinatosha. Mwisho fungua Command Prompt, uandike `where python`. Kama kuna toleo la zamani tayari, litaje kwenye barua, maana matoleo mawili yakikaa pamoja mtu anaweza kuendesha moja akidhani ni jingine.

2. Chagua toleo moja

Usiandike "toleo jipya kabisa". Kompyuta zikishughulikiwa kwa wiki mbili tofauti, zinaweza kuishia na matoleo mawili. Hapa natumia 3.12.10, toleo la mwisho la 3.12 lililotoka na kisakinishi cha Windows. Muulize mwalimu wa somo kabla ya kuamua.

3. Andika barua

Ipitie kwa mkuu wa idara. Ikienda moja kwa moja, TEHAMA wataiona kama ombi la mtu mmoja.

> Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA
> Kupitia: Mkuu wa Idara ya Sayansi ya Kompyuta
>
> YAH: OMBI LA KUSAKINISHIWA PYTHON, MAABARA NA. 2
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wataanza mazoezi ya somo la programu wiki ya tatu ya muhula. Kompyuta 40 za maabara hiyo zina Windows 10 ya 64-bit na hazina Python.
>
> Tunaomba Python 3.12.10 isakinishwe kwa watumiaji wote na iingizwe kwenye PATH, pamoja na maktaba za numpy, pandas na matplotlib. Zote ni za bure, hazihitaji kununuliwa leseni. Wanafunzi hawahitaji kupewa haki za msimamizi.
>
> Tunaomba kazi ihesabiwe imekamilika pale majaribio yaliyoambatishwa yatakapopita kwa akaunti ya kawaida ya mwanafunzi, baada ya kompyuta kuzimwa na kuwashwa.
>
> Wako katika ujenzi wa taifa,
> (saini, jina, namba ya usajili, simu)

Sentensi ya haki za msimamizi usiiache. Hilo ndilo jambo la kwanza wanalohofia. PATH nayo ni orodha ya folda ambamo Windows hutafuta programu unapoandika jina lake.

4. Ambatisha amri

Fundi aziendeshe kwenye Command Prompt iliyofunguliwa kama msimamizi:

```
python-3.12.10-amd64.exe /quiet InstallAllUsers=1 PrependPath=1
```

Kisha aifunge, afungue nyingine kama msimamizi ili PATH mpya isomwe:

```
python -m pip install numpy pandas matplotlib
```

Akiona "Defaulting to user installation", asimame hapo. Maana yake dirisha halina haki za msimamizi, na maktaba zinaingia kwenye folda yake peke yake.

Majaribio, kwa akaunti ya mwanafunzi:

```
python --version
python -c "import numpy, pandas, matplotlib; print('sawa')"
```

Jibu la kwanza liwe `Python 3.12.10`, la pili `sawa`. Ukiletewa Microsoft Store, au maneno "Python was not found", PATH haikuwekwa au Python imekaa kwa mtumiaji mmoja.

Maswali ya wanachama

Mkuu, maabara yetu haina intaneti. Tunafanyaje?
Tafuta kompyuta yenye intaneti, Windows ya 64-bit na Python 3.12 ileile. Pakua maktaba kwenye flashi:

```
python -m pip download -d E:\pakiti numpy pandas matplotlib
```

Kule maabara:

```
python -m pip install --no-index --find-links E:\pakiti numpy pandas matplotlib
```

Ukipakulia kwenye Python 3.13, pip ya 3.12 itazikataa, kwa sababu faili za numpy na wenzake hutengenezwa kwa kila toleo.

Waliweka, jaribio likapita, kesho yake kila kitu kimefutika.
Kompyuta hizo huenda zina Deep Freeze au programu kama hiyo, inayorudisha diski ilivyokuwa kila zikiwashwa. Fundi aifungue kwanza, asakinishe, kisha aifunge tena. Ndiyo maana barua inataka jaribio lifanyike baada ya kuzima na kuwasha. Kazi zenu pia zihifadhiwe kwenye flashi.

Mbona hujaomba VS Code?
Kwa mwaka wa kwanza kihariri cha IDLE kinatosha, na kinakuja na Python yenyewe. Mkiitaka VS Code, ombeni "System Installer", si "User Installer". Ila viongezi vyake hukaa kwenye folda ya kila mtumiaji, kwa hiyo kwenye maabara yenye Deep Freeze kiongezi cha Python mtakiweka upya kila siku.

Zetu bado ni Windows 7.
Python 3.12 haitakubali. Toleo la mwisho linalofanya kazi huko ni 3.8, na halipati tena marekebisho ya usalama. Barua yenu ianze na ombi la kubadilishiwa Windows.