Moto wa jana Kadutu: leo unaandika nini?

Tuseme wewe ni mwandishi wa habari wa redio, na jana redio zote za Bukavu zilisema moto umeunguza nyumba za mbao kule Kadutu. Leo usianze tena na "Moto umeunguza nyumba". Msikilizaji anajua.

Kabla ya kutoka, soma habari ya jana na uandike swali moja ambalo haikulijibu. Mara nyingi ni hili: gari la zimamoto lilikwama wapi? Rudi pale asubuhi na mapema, pima njia kwa hatua, muulize chefu wa avenii nani aliruhusu kujenga hadi barabarani, kisha upeleke swali hilo hilo komini. Sentensi yako ya kwanza inakuwa: "Familia zilizounguliwa Kadutu zimeanza leo kusimamisha mbao palepale, kwenye kichochoro ambacho gari la zimamoto halipiti." Moto wenyewe upe sentensi moja tu, aya ya pili au ya tatu, kwa ajili ya aliyekosa habari jana.

Jihadhari na salamu za pole za wakubwa: ni za leo, lakini hazijibu swali. Idadi ya nyumba ikibadilika, eleza nani amehesabu upya na kwa nini.