Kikombe chako cha kahawa cha nyumbani kinakula shilingi ngapi?

Wapenzi wa kahawa wa Mbeya, msihesabu bei ya pakti tu. Chukua mfano huu: pakti ya gramu 250 umenunua elfu 10, kikombe kimoja cha kuchuja kwa karatasi unaweka gramu 15, hapo kahawa ni 600. Boksi la filta 100 kwa elfu 25 ni 250 kila filta, na hii ndo watu wengi wanaisahau kabisa. Kichujio cha kushikia hiyo filta cha elfu 40 ukikitumia kila siku miaka miwili ni kama 55. Umeme wa kuchemsha maji ya kikombe kimoja, hata na baridi letu hili, unit ikiwa 350 hauvuki 15, ila ukijaza jagi zima kwa ajili ya kikombe kimoja unalipia kuchemsha na maji usiyoyatumia. Jumla kama 920.

Sasa nunueni kamzani kadogo ka jikoni, maana kijiko kikijaa kilima kinaongeza gramu 3 bila wewe kujua, na hizo ni 120 nzima, umeme haufikii hata kidogo. Filta ya kitambaa inapunguza sana, ila isuuze vizuri kila ukimaliza, ikianza kunuka mafuta ya zamani badilisha.