Kukagua bajeti ya mkutano yenye shilingi na dola: kutoka mtu mmoja hadi jumla

Mfadhili anataka bajeti kwa dola. Hoteli ya Arusha imeleta profoma kwa shilingi, kama kanuni za 2025 zinavyotaka kwa bei za ndani ya Tanzania. Wewe umepewa faili la Excel lililojazwa na mwenzako, uhakikishe kwamba gharama ya mtu mmoja, punguzo na jumla vinakubaliana.

Tuchukue mfano wa kubuni. Washiriki ni 60, siku ni 3, na pakeji ya siku nzima ni Sh 90,000 kwa mtu kabla ya VAT. Kikundi kikifika watu 50, wote wanapata punguzo la asilimia 10.

Hatua ya 1: Kiwango cha kubadilishia fedha

Kikae kwenye seli moja tu, na kila mstari ukisome hapo. Dola za mfadhili zikiingia, benki ndiyo inazinunua kutoka kwako, kwa hiyo chukua bei yake ya kununulia, si ya kuuzia. Hapa tutumie 2,500.

Kwenye faili la mtu mwingine, ongeza safu ya muda na ugawanye shilingi kwa dola mstari kwa mstari. Mstari mmoja ukitoa 2,600 wakati mingine inatoa 2,500, kuna mtu kaandika kiwango kwa mkono.

Hatua ya 2: Jenga bei ya mtu kwa siku moja

Anza na 90,000, toa punguzo upate 81,000, kisha ongeza VAT ya asilimia 18. Unapata Sh 95,580. Hii ndiyo namba ya kushika, maana makosa mengi utayagundua kwa kulinganisha nayo.

Hatua ya 3: Piga jumla kwa njia mbili

Watu 60 kwa siku 3 ni watu-siku 180. Ukizidisha kwa 95,580 unapata Sh 17,204,400, sawa na dola 6,881.76. Sasa pitia njia ya pili: badilisha kwanza bei ya mtu iwe dola 38.23, ndipo uzidishe kwa 180. Inakuja 6,881.40.

Senti 36 zimepotea wapi? Bei kamili ni 38.232, nasi tumeikata. Ukikadiria hadi senti, kila mtu-siku hauwezi kupoteza zaidi ya nusu senti, na mara 180 hiyo ni senti 90. Tofauti ikiwa ndani ya hapo, ni ya makadirio. Ikizidi, usikubali mtu akuambie "ni makadirio tu", tafuta kosa. Kwa mfano, aliyeandika dola 38 kamili amepunguza bajeti kwa dola 41.76.

Weka B1 bei, B2 punguzo, B3 VAT, B4 watu, B5 siku, B6 kiwango, kisha kuanzia B8 kushuka:

```
=B1*(1-IF(B4>=50,B2,0))*(1+B3)
=B8*B4*B5
=ROUND(B9/B6,2)
=ROUND(B8/B6,2)
=ABS(B11*B4*B5-B10)<=0.005*B4*B5+0.005
```

Kisha, juu ya fomula ya B11, andika bei ya mtu kwa dola uliyoikuta kwenye faili unalokagua. Seli ya mwisho, B12, ikitoa `FALSE`, kuna jambo. Nusu senti ya nyongeza ni kwa sababu B10 nayo imekadiriwa.

Hatua ya 4: Jumla ikikataa, igawanye

Chukua jumla ya shilingi uliyoikuta, ugawanye kwa 180. Ukipata 86,022, punguzo limekatwa mara mbili: mara moja kwenye bei ya mtu, mara ya pili kwenye jumla. Ukipata 97,200, punguzo limekatwa sawasawa lakini VAT imepigwa kwenye bei ya zamani ya 90,000. Ukipata 106,200, punguzo halikukatwa kabisa. Jumla peke yake isingekuonyesha hayo. Bei ya mtu inayaonyesha mara moja.

Hatua ya 5: Badilisha idadi ya watu

Hii wengi wanairuka, nami naiona ndiyo yenye hela. Andika 48 kwenye B4. Punguzo linaondoka, na jumla inakuwa Sh 15,292,800. Andika 50: Sh 14,337,000. Watu 48 wanagharimu Sh 955,800 zaidi ya watu 50! Watu 45 bila punguzo wanalingana kabisa na 50 wenye punguzo, kwa hiyo ukiwa na 46 hadi 49, ni nafuu kulipia 50 na viti vingine vikae wazi.

Kabla ya kusaini, iombe hoteli iandike mambo mawili: kwamba punguzo linahusu kikundi chote, si wale wanaozidi 50 pekee; na kwamba idadi inayohesabiwa ni ile mliyothibitisha, si ya waliokaa mezani siku hiyo. Hoteli ikihesabu waliokaa mezani nawe unatarajia 50 au zaidi, wakija 49 tu punguzo linaondoka, kwa hiyo jumla ya kuweka kwenye bajeti ni ile kubwa kati ya ya watu 49 na ya idadi unayoitarajia.