NSSF yako ina majina ya nani?

Wengi hapa Uganda walijaza fomu ya NSSF, ule mfuko wa akiba ya wafanyakazi, siku ile wanaanza kazi, bado hawajaoa, wakaandika mama na kaka kama warithi basi. Sasa chukua jamaa kama huyo, leo ana mke na watoto wawili, akifa kesho rekodi bado inasema mama na kaka, mjane ndo anaanza kuhangaika kuthibitisha ndoa na watoto huku mashemeji wameshashika mafaili. Ingia app ya NSSFGo au pita ofisini kwao uangalie, uongeze kila mtoto, hata wa nje (ndio, huyo huyo mnayemnong'ona). Jina liandikwe vilevile lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa cha NIRA, sio lile la nyumbani, herufi zikipishana malipo yanaweza kukwama. Mkiachana, rudi ubadilishe.