Kunenepesha kaa koko kizimbani: gamba halikui, hujazwa

Mtu anayesikia kwa mara ya kwanza habari za kunenepesha kaa hudhani kwamba kaa huingizwa kizimbani akiwa mdogo na kutolewa akiwa mkubwa. Sivyo. Kaa koko, ambaye wengine humwita kaa matope, huvaa gamba lisilotanuka, na ukubwa wake hubadilika pale tu anapojivua. Akishatoka katika gamba la zamani hunywa maji mengi ili atune, kisha gamba jipya hukazana juu ya mwili uliojaa maji badala ya nyama. Huyo ndiye kaa ambaye wanunuzi humkataa au humchukua kwa bei ya chini, maana akipikwa maji humtoka na ndani ya gando hubaki nyuzi chache tu za nyama. Kazi ya mnenepeshaji ni kumchukua kaa huyo, kumlisha kwa wiki mbili hadi nne, na kumuuza gamba lile lile likiwa limejaa.

Jambo hili likieleweka, hesabu ya biashara hubadilika. Tuseme kaya imenunua kaa watupu 20 wenye wastani wa gramu 500, yaani kilo 10 kwa jumla. Baada ya siku 21 wamekufa wawili, na kila mmoja wa 18 waliobaki ameongeza gramu 50. Mzigo unaopelekwa sokoni ni kilo 9.9, pungufu kidogo ya ule ulionunuliwa. Aliyetarajia kulipwa na mizani ataona kazi yote imekuwa bure, lakini aliyenunua kwa bei ya kaa mtupu na kuuza kwa bei ya kaa aliyejaa amepata kitu, kwa sababu faida imo katika tofauti ya daraja. Hesabu hiyo hiyo inaonyesha uzito wa kifo kimoja: kaa wa gramu 500 akifa ameondoka na nyongeza ya wenzake kumi. Kwa hiyo kabla ya kununua hata mbao moja, ni vyema kumuuliza mnunuzi analipa kiasi gani kwa kila daraja. Kama tofauti ni ndogo, kizimba hakitajilipa.

Sehemu kubwa ya matokeo huamuliwa siku ya kununua. Mgeuze kaa chali, umshike vizuri kwa nyuma ili magando yasikufikie, kisha bonyeza kwa kidole gumba upande wa tumbo karibu na mashina ya miguu ya nyuma. Kwa kaa aliyejaa kidole hukutana na kitu kigumu kama ubao, ilhali kwa kaa mtupu gamba hubonyea kidogo na kurudi. Dalili nyingine ni usafi: gamba jipya linang'aa, halijaota uchafu wala vijidudu vya baharini, na meno ya magando bado yana ncha kali. Kuna tahadhari moja ambayo wengi huipuuza kwa tamaa ya bei ndogo. Kaa ambaye hata mgongo wake bado ni laini kama ngozi amejivua siku chache tu zilizopita, huenda hali chochote, na hufa kwa urahisi akisafirishwa. Anayefaa ni yule ambaye mgongo umekwisha kukaza lakini tumbo bado linabonyea. Mkatae pia kaa aliyelegea, mwenye jeraha, au mwenye kichipukizi cha mguu kilichovimba mahali palipokatika, kwa kuwa kichipukizi hicho huashiria kwamba anajiandaa kujivua tena, na akijivua mikononi mwako utakuwa umerudi mwanzo. Majike wenye mayai ya nje na kaa walio chini ya kipimo kinachoruhusiwa na sheria ya uvuvi ya mahali husika hawaguswi kabisa.

Kaa hulana, na aliye laini ndiye huliwa kwanza, kwa hiyo kila mmoja apewe chumba chake. Kwa kaa 20 wa uzito tuliotaja, kizimba chenye urefu wa mita 2, upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 25 kinatosha: hugawanywa safu mbili za vyumba kumi kumi, kila chumba kikiwa na sentimita 20 kwa 30. Fito za mwanzi au mbao nyembamba ziachane kwa nafasi ya sentimita moja na nusu hivi, ili maji yapite lakini gando lisimfikie jirani. Mfuniko ufungwe kwa komeo au kwa waya uliosokotwa. Kizimba changu cha kwanza nilikifunga kwa kamba ya katani, na asubuhi ya tatu nilikuta vyumba vinne vitupu na kamba imekatwa vizuri kana kwamba kwa mkasi. Kukata mikoko ili kujenga kizimba ni kosa katika nchi nyingi, na ni hasara kwa mvuvi mwenyewe, kwa sababu kaa hukulia humo.

Kizimba kiwekwe kwenye hori ambamo maji huingia na kutoka kwa kila kujaa na kupwa, lakini ambamo hata maji yakipwa sana hubaki ya kufunika angalau nusu ya vyumba. Kisilale juu ya tope. Kiinuliwe kwa vigingi sentimita 20 hivi kutoka chini, kwa sababu mabaki ya chakula yakinaswa kati ya sakafu na tope huoza, na tope jeusi lenye harufu ya yai viza ni ishara kwamba hewa imekwisha mahali hapo. Makuti juu ya mfuniko husaidia pale ambapo jua la mchana hukutana na maji madogo.

Kaa wapya wasitupwe majini moja kwa moja baada ya safari. Waweke kivulini, wachovye katika maji ya hori kwa muda mfupi mara tatu au nne, ili hewa iliyonaswa kwenye matamvua itoke na mwili uzoee joto la maji, ndipo uwaingize vyumbani jioni.

Kuhusu chakula, kaa koko hula nyama, na kinachofaa ni kile ambacho watu hawali: vichwa na matumbo ya samaki, samaki wadogo waliokosa mnunuzi, nyama ya konokono wa mikokoni au ya kome waliopasuliwa. Katika wiki mbili za mwanzo mpe kaa kiasi cha asilimia 8 ya uzito wake kwa siku, yaani gramu 40 kwa kaa wa gramu 500, na uzito wa ganda la konokono usihesabiwe. Wiki ya tatu, anapokaribia kujaa, punguza hadi asilimia 5. Kwa kaa wetu 20 hiyo ni gramu 800 kwa siku kwa siku 14, kisha gramu 500 kwa siku 7, jumla kilo 14.7. Kilo 14.7 za chakula kwa kilo 10 za kaa ni nyingi, na ndiyo maana anayelisha samaki wa kununua, ambao wangeweza kuliwa nyumbani, mara nyingi hupata hasara bila kujua imetokea wapi.

Kaa hutafuta chakula usiku, basi walishe jua linapozama, mradi maji yamefunika vyumba. Kata vipande ambavyo gando moja linaweza kushika, kimoja kwa kila chumba, na uandike ulichotoa. Asubuhi fungua mfuniko na utazame. Chumba kisicho na mabaki kinaomba kuongezewa kidogo, na chenye mabaki kipunguziwe, baada ya kuyatoa yaliyobaki. Mabaki hayo ndiyo barua ambayo kaa anakuandikia kila siku. Kaa mmoja akikataa kula ilhali wenzake wanakula, mpime: huenda amejaa, huenda anakaribia kujivua. Wote wakikataa usiku mmoja, kosa limo majini au katika chakula chenyewe, na samaki aliyeanza kuoza ndiye wa kushukiwa kwanza.

Kanuni ambayo ningependa kila mfugaji aishike ni kulisha kwa kufuata bamvua na maji mafu. Wakati wa bamvua maji huingia kwa nguvu na kuchukua uchafu, kwa hiyo kaa wanaweza kupewa kiasi chao chote. Wakati wa maji mafu mwendo wa maji hudhoofika kwa siku kadhaa, mabaki hayachukuliwi, na hewa ndani ya maji hupungua, hasa alfajiri. Siku hizo punguza chakula hadi nusu. Ukifika alfajiri ukakuta kaa wamepanda juu na kung'ang'ania mfuniko, usiwape kitu chochote. Toa mabaki yote, sugua fito kwa brashi ngumu ili matundu yaliyozibwa na ute yafunguke, na ikiwezekana sogeza kizimba mahali penye mkondo zaidi. Kusugua huko kufanyike kila wiki hata mambo yakiwa mazuri.

Mvua kubwa ina hatari yake. Kaa koko huvumilia tofauti za chumvi, na hustawi vizuri katika maji yenye gramu 15 hadi 30 za chumvi kwa lita, lakini mabadiliko ya ghafla humdhoofisha. Maji ya mvua ni mepesi kuliko ya bahari, hivyo hutandaa juu. Anayetumia kizimba kinachoelea kwa mapipa ndiye huathirika kwanza, maana kaa wake wamo katika tabaka hilo hilo la juu. Kamba za kizimba ziwe ndefu ili siku ya mafuriko kiweze kuteremshwa kina zaidi, au kivutwe kuelekea mdomo wa hori ambako bahari ina nguvu.

Kuanzia siku ya 10 mpime kila kaa kwa kidole gumba, na urudie kila baada ya siku tatu. Kwa jike tazama pia mahali ambapo mgongo unaungana na mkia uliokunjwa: rangi ya machungwa ikionekana hapo, mayai ya ndani yamekomaa na bei yake kwa kawaida huwa ya juu. Hawatajaa wote siku moja, na kosa la kawaida ni kumsubiri wa mwisho ili wauzwe pamoja. Aliyejaa leo hataongezeka kesho. Atakula bure, na kila siku ya ziada ni siku ya kuweza kufa au kujivua. Usimlishe siku moja kabla ya kumtoa, mfunge magando kwa kamba iliyoloweshwa, mpange kwenye kapu lenye majani mabichi au gunia bichi lililotiwa maji ya bahari, na umfikishe kwa mnunuzi kabla jua halijapanda.