Programu inajitoa ikifunguliwa baada ya sasisho: usikimbilie kuifuta

Tuchukue simu ya Android ya mwenye duka la vipuri vya pikipiki Ngamiani, Tanga. Programu ya daftari la mauzo imejisasisha usiku; asubuhi akiigusa, nembo inatokea kidogo, kisha inajitoa. Madeni ya wateja yamo humo, na hayana nakala kokote.

Hatua ya 1: kashe. Ingia Settings, kisha Apps, chagua programu, bonyeza Force stop. Halafu nenda Storage ubonyeze Clear cache. Karibu yake kuna Clear storage, au Clear data kwa simu nyingine. Hicho usikiguse: kinafuta na madeni. Kashe ni mafaili ya muda tu, haina hasara kuifuta.

Kama zinazojitoa ni programu kadhaa kwa mpigo, lawama huenda ni ya kitu kinachotumiwa na zote. Machi 2021 sasisho la Android System WebView, sehemu inayoonyesha kurasa za wavuti ndani ya programu, liliangusha programu nyingi kwa namna hiyo.

Hatua ya 2: soma sababu. Washa USB debugging ndani ya Developer options, chomeka simu kwenye kompyuta yenye adb, zana ya kuipa Android amri kutoka kompyuta, kisha kwenye dirisha la amri andika:

```
adb logcat -b crash
```

Fungua programu, iache ijitoe, uangalie mistari iliyotoka. Kwa simu yetu umo huu:

```
no such column: punguzo
```

Yaani toleo jipya linatafuta safu ya punguzo, ila jedwali la zamani halikuongezewa safu hiyo wakati wa kusasisha. Hapo ungefuta kashe hata mara kumi usingepata kitu, kwani hifadhidata haikai kwenye kashe.

Hatua ya 3: kuondoa na kusakinisha upya. Programu itafunguka, kwa sababu jedwali linaundwa upya, tupu. Kama ina akaunti ya mtandaoni, ingia kwanza kwa simu nyingine uone rekodi zipo kweli. Na ikijitoa tena baada ya kusakinishwa, shuku nakala rudufu ya Google: huenda imerudisha hifadhidata ileile mbovu. Sasa ndipo Clear storage inapofaa.

Hatua ya 4: kurudi toleo la zamani. Ukiliweka juu ya jipya, Android inakataa:

```
INSTALL_FAILED_VERSION_DOWNGRADE
```

Lazima uondoe jipya kwanza, na data inaondoka nalo. Faili la APK lichukue kwa mtengenezaji mwenyewe, si kwa mtu wa kundi la WhatsApp. Kisha kwenye ukurasa wa programu ndani ya Play Store, gusa vidoti vitatu uondoe tiki ya Enable auto update, la sivyo toleo bovu litarudi lenyewe.

Mwenye duka wetu hatua ya 3 na ya 4 hazimfai, zote zinakula madeni. Amtumie mtengenezaji ule mstari wa kosa, aandike mauzo kwenye daftari la karatasi, na sasisho la marekebisho likitoka alisakinishe juu ya lililopo bila kuondoa chochote.