Kusoma mizizi na nukta ya kugeukia kwenye parabola, hasa pale kitako kisipokuwa kwenye jedwali

Kila muhula nasahihisha parabola zenye kitako bapa kama cha sufuria. Parabola haina kitako cha sufuria, ina cha chungu. Na mara nyingi kosa halianzii kwenye mkono wa mchoraji. Linaanzia kwenye jedwali: nukta mbili za chini zinalingana, mwanafunzi anaziunganisha kwa rula, na pale penye jibu anapapita bila kupaona.

Kwa hiyo nimechagua mfano ambao kitako chake kimejificha katikati ya namba mbili nzima. Ukiumudu huu, ile mirahisi haitakusumbua.

```
y = x² - 3x - 2,   x kuanzia -2 hadi 5
```

Tunatafuta mizizi, yaani thamani za x pale mchoro unapokata mhimili wa x (ambako y ni 0), na nukta ya kugeukia, yaani pale mchoro unapoacha kushuka na kuanza kupanda.

Hatua ya 1: Jaza jedwali, kisha likague kabla ya kugusa karatasi ya grafu

Usikokotoe y kwa mkupuo mmoja. Tenga kila kipande kwenye mstari wake, ndipo ujumlishe.

```
x     -2   -1    0    1    2    3    4    5
x²     4    1    0    1    4    9   16   25
-3x    6    3    0   -3   -6   -9  -12  -15
-2    -2   -2   -2   -2   -2   -2   -2   -2
y      8    2   -2   -4   -4   -2    2    8
```

Makosa karibu yote hutokea upande wa kushoto, kwenye x hasi. Hasi mbili mara hasi mbili ni 4, si -4; na -3 mara -2 ni 6. Kama unatumia kikokotoo, zungushia mabano: `(-2)²`. Ukiandika `-2²` bila mabano, vikokotoo vingi vitakupa -4, kwa sababu vinapandisha kipeo kwanza ndipo vinaweka alama ya hasi.

Sasa ukaguzi. Chukua mstari wa y na utafute tofauti kati ya kila namba na inayoifuata:

```
y:         8   2  -2  -4  -4  -2   2   8
tofauti:    -6  -4  -2   0   2   4   6
```

Angalia zile tofauti zenyewe: kila moja inaizidi iliyotangulia kwa 2. Mlinganyo wenye x² mbele ukiwa na x zinazopishana kwa moja, ongezeko hilo halibadiliki kamwe, na ni mara mbili ya namba iliyo mbele ya x². Hapa namba hiyo ni 1, ndiyo maana tunapata 2. Kama ungekuwa umekosea na kuandika -4 badala ya 8 pale mwanzoni, tofauti ya kwanza ingekuwa 6, na ya pili -4. Mfuatano umekatika, kosa limejifichua. Ukaguzi huu unachukua nusu dakika na hauhitaji ujue umbo la mchoro.

Hatua ya 2: Skeli

Karatasi ninayotumia ina viraba vidogo vya milimita 2. Mhimili wa x nitaupa sentimita 2 kwa kila 1, na mhimili wa y sentimita 1 kwa kila 1. Upana unakuwa sentimita 14. Kwenda juu, kutoka -5 hadi 8, ni sentimita 13. Inaenea. Nimeshuka hadi -5 ingawa jedwali linaishia -4, kwa kuwa nashuku kitako kiko chini zaidi ya hapo.

Kumbuka sasa kwamba kiraba kidogo kimoja kina thamani mbili tofauti: ukienda mlalo ni 0.1, ukienda wima ni 0.2. Iandike pembeni kwa penseli. Wengi huchora vizuri kabisa kisha wakasoma y kana kwamba kiraba ni 0.1, na hapo nukta ya kugeukia inaharibika ilhali mchoro ni sahihi.

Hatua ya 3: Weka nukta, chora

Weka alama ndogo za msalaba, si madoa manene. Doa la penseli butu linaweza kumeza kiraba kizima, yaani 0.1 ya jibu lako.

Kabla ya kuunganisha, ongeza nukta moja ambayo jedwali halikupewa. Kwenye x = 1 na x = 2, y ni -4 zote mbili. Mchoro ulishuka ukapita kwenye -4, na ukarudi ukapita kwenye -4 ileile, kwa hiyo katikati ulishuka zaidi. Katikati ni 1.5:

```
y = (1.5)² - 3(1.5) - 2 = 2.25 - 4.5 - 2 = -4.25
```

Weka msalaba hapo. Geuza karatasi ili kiganja chako kiwe upande wa ndani wa mkunjo, mkono unapinda vizuri zaidi ukiwa hivyo, kisha pitisha penseli kwa mwendo mmoja bila rula. Mikono miwili ya parabola iendelee kunyooka kidogo kidogo ikipanda. Isijipinde kuelekea ndani kama shingo ya mtungi.

Hatua ya 4: Soma mizizi

Mchoro unakata mhimili wa x mara mbili. Kushoto, unapita kati ya kiraba cha tano na cha sita kutoka kwenye sifuri, karibu zaidi na cha sita. Kulia, kati ya 3.5 na 3.6, nako karibu na 3.6. Kwa usahihi wa desimali moja:

x = -0.6 au x = 3.6

Usiandike -0.5616 hata kama unaijua kutoka kwenye fomula. Swali likisema utumie grafu, jibu lenye desimali nne linamwambia msahihishaji kwamba hukuisoma kwenye grafu. Karatasi ya aina hii, kwa skeli hii, inaweza kukupa nusu kiraba, yaani 0.05, basi.

Ukitaka kujihakikishia kwamba 3.6 ni bora kuliko 3.5, ziweke zote kwenye mlinganyo. Kwa 3.5 unapata -0.25, kwa 3.6 unapata 0.16. Moja iko chini ya mhimili na nyingine juu, kwa hiyo mzizi umo kati yao, na 0.16 iko karibu na sifuri kuliko 0.25.

Hatua ya 5: Nukta ya kugeukia, na kwa nini macho hayatoshi

Mtu akiniambia ameitazama tu parabola na kuona inageukia kwenye 1.5, huwa naona amebahatisha. Tazama kinachotokea karibu na kitako. Kwenye x = 1.3, y ni -4.21. Kwenye x = 1.7, ni -4.21 vilevile. Kwenye 1.5 ni -4.25. Umetembea viraba vinne mlalo, na mchoro umepanda au kushuka kwa 0.04 tu, sawa na sehemu moja ya tano ya kiraba kimoja. Huo ni wembamba wa ncha ya penseli. Jicho litaona mahali bapa, na litachagua popote kati ya 1.3 na 1.7.

Kwenye mizizi mambo ni kinyume, maana pale mchoro unapita kwa mteremko mkali na unakata mhimili waziwazi. Kwa hiyo tunatumia mahali panaposomeka kutafuta mahali pasiposomeka. Parabola ni kama kitu na taswira yake kwenye kioo: mstari wa ulinganifu unapita wima kwenye kitako, na kila jozi ya nukta zilizo kimo kimoja ziko umbali sawa kutoka kwenye mstari huo.

Chukua mizizi na utafute katikati yake:

```
x = (-0.6 + 3.6) ÷ 2 = 1.5
```

Kisha rudia kwa kimo kingine. Kwenye y = 2 mchoro unapita x = -1 na x = 4; katikati ni 1.5. Kwenye y = -2 ni 0 na 3; katikati 1.5 tena. Chora mstari wa wima kwa nukta nukta kwenye 1.5, ufuate hadi kwenye mchoro, na usome y: viraba 21 na kidogo chini ya sifuri, kila kimoja 0.2, kwa hiyo takriban -4.25. Nukta ya kugeukia ni (1.5, -4.25), na kwa kuwa parabola imefunguka juu, -4.25 ndiyo thamani ndogo kuliko zote za y. Kama namba iliyo mbele ya x² ingekuwa hasi, chungu kingekuwa kimefudikizwa na nukta hiyo ingekuwa ya juu kabisa. Hatua zote zingebaki zilezile.

Katikati hizi zisipokubaliana, mchoro una kasoro. Tuseme umesoma mizizi -0.6 na 3.4. Katikati ni 1.4, ilhali vimo vya jedwali vinasema 1.5. Jedwali ulishalikagua, basi liamini. Kushoto mzizi uko 2.1 kutoka kwenye mstari wa ulinganifu, kulia 1.9. Weka 3.4 kwenye mlinganyo upate -0.64, mbali na sifuri. Upande wa kulia ndio ulioteleza kati ya x = 3 na x = 4. Futa kipande hicho tu, uchore upya.

Hatua ya 6: Swali linalofuata huwa hili

Kwenye mitihani kama KCSE, mara nyingi grafu ileile hutumika kutatua mlinganyo mwingine, mathalani x² - 3x - 5 = 0. Usichore parabola mpya. Toa mlinganyo mpya kutoka kwenye wa grafu:

```
y = x² - 3x - 2
0 = x² - 3x - 5
---------------
y = 3
```

Chora mstari mlalo y = 3 na usome x pale unapokata parabola: -1.2 na 4.2. Katikati yake? 1.5. Anayechora y = -5 kwa sababu ameiona -5 kwenye swali amesahau kutoa.

Mstari wa y = -5, kwa kweli, ungepita chini ya kitako bila kuigusa parabola. Huo ni mlinganyo x² - 3x + 3 = 0, na jibu lake ni kwamba hauna mzizi wa namba halisi. Penye utata ni pale mstari unapoonekana kugusa kitako tu. Grafu haiwezi kutofautisha kugusa na kukosa kwa unywele. Hapo kokotoa b² - 4ac: ikiwa sifuri, mstari umegusa na mzizi ni mmoja, ikiwa hasi, umekosa.